Mtunza Chanjo Apanda Jukwaani

Kati ya watakaopokea cheti cha utumishi wa muda mrefu Mei Mosi hii yumo muuguzi wa zahanati ya kijijini. Anatunza chanjo: asubuhi na jioni, hata sikukuu, husoma kipimajoto cha jokofu na kuandika. Joto lisishuke chini ya nyuzi 2 wala kuzidi 8. Chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Wenzake wanasimulia kwamba usiku wa harusi ya bintiye umeme ulikatika. Mama akatoka ukumbini na vitenge vyake, akahamishia chupa kwenye kasha la baridi, akarudi keki ikikatwa.

“Tulidhani kaenda kulia,” wanasema.

Cheti anakistahili, ingawa bahasha ya fedha ingemfaa zaidi.