Vikope: ugonjwa wa utotoni unaopofusha ukubwani

Vikope, au trakoma kwa jina la kitaalamu, huletwa na bakteria aitwaye Klamidia trakomatisi. Baadhi ya aina za bakteria huyo huenezwa kwa ngono, lakini zile za vikope huishi machoni na pengine puani, na hupita kati ya watoto wanaocheza na kulala pamoja. Mgonjwa haambukizwi mara moja akapofuka. Huambukizwa tena na tena tangu akiwa mchanga, na upofu humkuta akiwa mtu mzima, wakati yeye mwenyewe ameshasahau kwamba aliwahi kuugua macho.

Bakteria hujipenyeza ndani ya seli za utando mwembamba unaofunika upande wa ndani wa kope. Mwili hupeleka kinga yake pale, na kope ya juu huvimba na kuota vipele vidogo vyeupe au vya manjano. Mtoto hujikuna na kutoa tongotongo, ingawa wengine hawalalamiki hata kidogo. Ambukizo moja hupona bila kuacha dosari ya maana. Tatizo ni kwamba kinga hiyo haidumu: bakteria hurudi, uvimbe nao hurudi, na kila mara sehemu ndogo ya utando hupona kwa kujenga kovu. Wataalamu waliopiga hesabu wanakadiria kwamba mtu hupitia maambukizo zaidi ya 100 kabla ya kufikia hatua ya upofu.

Kovu lina tabia ya kujikunja linapokomaa. Mistari myeupe ya makovu ndani ya kope ya juu huvuta ukingo wake kuelekea ndani, na nywele za kope, ambazo kazi yake ni kulikinga jicho, huanza kulikwaruza. Kila mgonjwa anapopepesa, nywele hupita juu ya konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Konea huchubuka, vijidudu vingine huingia kwenye mchubuko, na mwishowe hupata ukungu mweupe usiopitisha mwanga. Ukungu huo ndio unaopofusha, na dawa ya kuua bakteria haiwezi kuuondoa, kwani mara nyingi kufikia hapo bakteria wenyewe hawapo tena. Wanawake hufikia hatua hii mara nyingi zaidi kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto kutwa na kuambukizwa nao miaka mingi.

Bakteria hufika jicho jipya kwa vidole, kwa kanga au shuka inayotumika kumfuta mtoto mmoja kisha mwingine, na kwa nzi. Yupo nzi mmoja mdogo anayependa hasa majimaji ya macho na pua. Nzi huyu hutaga mayai kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, na hazaliani ndani ya shimo la choo. Ndiyo maana choo, hata kile cha kawaida cha shimo, huhesabiwa kuwa kinga ya macho. Katika majaribio yaliyofanyika Gambia, nzi machoni mwa watoto walipungua vijijini vilikojengwa vyoo, ingawa si kwa kiasi kilichopatikana kwa kupuliza dawa ya wadudu.

Kipimo cha vikope hakihitaji mashine. Mkaguzi huvaa miwani ya kukuza, hugeuza kope ya juu ya mtoto na kuhesabu vipele. Vikifika vitano au zaidi katikati ya kope, kila kimoja kikiwa na upana wa nusu milimita au zaidi, mtoto huyo huandikwa kuwa na ugonjwa. Wilaya ambayo asilimia 10 au zaidi ya watoto wa mwaka 1 hadi 9 wako hivyo hustahili kugawiwa dawa watu wote, wenye dalili na wasio nazo. Dawa yenyewe ni azithromaisini ya kumeza mara moja kwa mwaka. Mtu mzima hupewa gramu moja. Mtoto hupimwa urefu kwa fimbo yenye alama, maana mizani ni ya taabu kijijini, na alama inayofikia utosi wake humwonyesha mgawa dawa kiasi cha kumpa. Wachanga chini ya miezi 6 hupakwa mafuta ya tetrasaiklini machoni kwa wiki 6.

Nguvu ya dawa hiyo, na mipaka yake, ilionekana vizuri katika vijiji viwili vya Tanzania. Kahe Mpya, wilayani Rombo, ilikuwa na wakazi 978, na 956 kati yao walipewa azithromaisini ya kumeza au, kwa wasiofaa kuimeza, mafuta ya tetrasaiklini. Kabla ya dawa, asilimia 9.5 ya wakazi walikuwa na bakteria machoni. Baada ya miezi 2 walibaki asilimia 2.1, na miaka 2 ilipotimia ilikuwa asilimia 0.1. Njiani, walioonekana na dalili walipewa mafuta ya tetrasaiklini. Maindi, katika wilaya kame ya Kongwa, mambo hayakwenda hivyo. Zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa na bakteria. Dawa iliwashusha sana, lakini haikuwamaliza, na waliobaki nao walikuwa chanzo cha kuuwasha ugonjwa upya. Pale ugonjwa ulipojikita, mzunguko mmoja wa dawa haufui dafu.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani huziweka pamoja hatua nne: upasuaji, dawa, usafi wa uso na mazingira safi. Uso ndio hudharauliwa kuliko vyote. Jaribio lililofanyika Kongwa na kuchapishwa mwaka 1995 lililinganisha vijiji vilivyopewa mafuta ya macho tu na vile vilivyoongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto. Katika vile vya kampeni, vikope vikali vilikuwa vichache zaidi. Kikwazo kikubwa kilikuwa imani ya kina mama kwamba kunawa uso hula maji mengi, na maji yenyewe yanafuatwa mbali. Imani hiyo haikuwa ya kipuuzi kwa mtu anayebeba ndoo kichwani, lakini kipimo chake kilikosewa, kwani lita moja ikimiminwa kidogokidogo hutosha nyuso nyingi za watoto. Kibuyu chirizi, yaani kidumu kilichotobolewa na kuning'inizwa kwenye kijiti, hutoa mchirizi mwembamba kama huo. Sabuni si lazima, ila tongotongo na kamasi zitoke, na zifutwe kila zinaporudi, kwani uso ulionawishwa asubuhi huwa umechafuka tena ifikapo adhuhuri.

Kwa ambao kope zao zimeshajikunja, njia iliyobaki ni upasuaji. Mganga au muuguzi aliyefunzwa huchoma sindano ya ganzi, hukata kope kwa ndani na kuishona ikiwa imegeuzwa nje kidogo. Si operesheni ya kulazwa, na mara nyingi hufanyika katika kituo cha afya au hata darasani. Haiondoi ukungu uliokwisha kuwapo, bali huzuia usiongezeke, na kwa baadhi ya wagonjwa nywele hurudi kukwaruza baada ya miezi au miaka, hivyo ni lazima warudi kuangaliwa. Wengi huchelewa kwa kuwa wamezoea kuzing'oa nywele kwa kibano. Zikiota upya huwa fupi na ngumu, na hukwaruza zaidi. Bibi anayetembea na kibano chake mfukoni na kulalamika mchanga machoni apelekwe kliniki ya macho sasa, kabla konea yake haijapata ukungu.