Haipo na haipa: kusoma swali la potasiamu

Anayefikiri kwa Kiswahili ana msaada mmoja mkononi anapokutana na majina haya mawili yanayofanana mno. Haipokalemia: haipo, yaani potasiamu katika damu imepungua. Haipakalemia ni kinyume chake, imezidi. Kiwango cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Herufi moja tu ndiyo inayotofautisha majina hayo, na mwanafunzi wa uuguzi akisoma kwa haraka anaweza kumtibu mgonjwa asiye wake.

Ila jina si mtego mkubwa. Mtego mkubwa ni dalili. Wengi hukariri kwamba potasiamu ikipungua misuli hulegea, kisha swali linamleta mgonjwa mwenye miguu iliyolegea, nao wanakimbilia jibu hilo. Ukweli ni kwamba misuli hulegea pande zote mbili. Potasiamu karibu yote mwilini imo ndani ya seli. Ile kidogo iliyo nje, kwenye damu, ndiyo inayosaidia msuli kujiweka tayari kushtuka. Ikipungua, msuli unakuwa mgumu kuamshwa. Ikizidi, mwanzoni msuli unachezacheza wenyewe, halafu unashindwa kujiandaa upya na unalegea. Kwa hiyo, ukiona miguu haina nguvu, bado hujajua lolote. Uliza mgonjwa ametoka wapi, kisha tazama mchoro wa ECG.

Chukua swali hili. Mwanamume wa miaka 52, figo zake zimeshindwa kazi, amekosa kusafishwa damu mara mbili mfululizo. Miguu haina nguvu, moyo unapiga mara 48 kwa dakika, potasiamu ni 7.1. Kwenye karatasi ya ECG, wimbi T limesimama refu, jembamba, lenye ncha kama hema. Wimbi P karibu halionekani, na QRS imepanuka. Majibu manne: kumpa insulini pamoja na glukosi, kumpa kalsiamu glukonati kwenye mshipa, kumwandaa kwa kusafishwa damu, au kurudia kipimo cha damu. Ufanye lipi kwanza?

Yote manne yana mahali pake, na ndiyo maana swali ni gumu. Figo hazitoi potasiamu, kwa hiyo mwishowe itabidi damu isafishwe, lakini mashine huchukua muda kuandaliwa. Insulini huisukuma potasiamu irudi ndani ya seli, nayo huanza kufanya kazi baada ya dakika 15 hadi 30. QRS iliyopanuka haina dakika hizo. Kalsiamu haipunguzi potasiamu hata kidogo; inaukinga moyo, na huanza ndani ya dakika chache. Hilo ndilo jibu. Kinga hiyo hudumu kama nusu saa hadi saa moja, kwa hiyo insulini inafuata mara moja, na muuguzi anaendelea kupima sukari kwa saa kadhaa, maana glukosi huisha mapema kuliko insulini.

Jibu la kurudia kipimo lingekuwa na nguvu kama mgonjwa angekuwa mzima, figo zake salama na ECG ya kawaida. Seli za damu zikipasuka wakati wa kuchota sampuli, hutoa potasiamu yao na kutudanganya. Lakini mtu asijitulize kupita kiasi: ECG ya kawaida haithibitishi kwamba potasiamu haijapanda.

Sasa mgeuze mgonjwa. Mama wa miaka 68 anatumia furosemaidi na digoksini, na ameharisha siku tatu. Amelegea vilevile, ila tumbo lake sasa limejaa na kimya ukiliwekea kifaa cha kusikilizia. Potasiamu 2.6. Wimbi T limelala bapa, na nyuma yake kimeinuka kilima kidogo, wimbi U.

Hapa hatari ya kwanza ni digoksini, kwa sababu potasiamu ikiwa chini dawa hiyo huwa sumu kwa kipimo kilekile cha jana. Dozi inayofuata isitolewe kabla ya kusikiliza mapigo kifuani na kuzungumza na daktari. Hatari ya pili iko mikononi mwa muuguzi mwenyewe. Potasiamu haisukumwi kwa sindano kwenye mshipa kamwe, kwani husimamisha moyo. Huchanganywa vizuri kwenye dripu na kuingia polepole, kwa kawaida isizidi milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono, baada ya kuhakikisha mgonjwa anapata mkojo wa kutosha. Ukimwongezea mtu asiyekojoa, utamhamishia kwenye swali la yule mwanamume.

Na ikiwa dripu zimeisha na kipimo bado hakipandi, pima magnesi. Ikiwa chini, figo huendelea kuimwaga potasiamu kadiri unavyoiongeza.