Neno Lililojirudia Si Ushahidi

Katika mtihani wa kusoma wa IELTS, mtahiniwa hupewa dakika 60 kujibu maswali 40. Aina moja ya swali huwatoa jasho hata watu wanaotumia Kiingereza kila siku kazini. Kabla ya matini kuna orodha ya vichwa vifupi, kila kimoja na namba ndogo ya Kirumi: i, ii, iii na kuendelea. Aya za matini zina herufi A, B, C. Kazi ni kuipa kila aya kichwa chake. Vichwa huwa vingi kuliko aya, hivyo vingine havitatumika kabisa. Hivyo ndivyo vipotoshi, na hutungwa kwa uangalifu uleule wa majibu sahihi.

Anayekosa swali hili mara nyingi msamiati anao. Kinachomponza ni kwamba ameona neno katika aya, akalikuta nenolilelile katika kichwa, akaandika namba na kusonga mbele. Tuchukue aya moja tuone linavyotokea. Nimeitunga kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu mtego huu hunasa katika lugha yoyote, na ukiuona katika lugha unayoijua vizuri hutasema tatizo ni Kiingereza.

"Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Wenye mashamba walipopanda upya, iliwabidi kungoja miaka kadhaa kabla ya miche kuanza kuzaa, na wakati huo bei ya karafuu ilipanda. Pemba haikuumizwa sana. Miti yake ilikuwa imesimama, na waliotaka kufaidi bei ile wakazidi kupanda huko. Kisiwa ambacho awali kilitangulia kikawa nyuma, na mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba."

Sasa vichwa vinne:

i. Kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja
ii. Sababu za kupanda kwa bei ya karafuu
iii. Zao lahamia makao mapya
iv. Mbinu za kupanda upya mashamba

Kichwa cha kwanza kinavuta sana. Maneno yake yote yamo katika sentensi ya kwanza, na kila kinachosemwa ndani yake ni kweli. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa swali haliulizi kama kichwa ni kweli. Linauliza kama kinaibeba aya nzima. Ondoa sentensi ya kimbunga, uweke badala yake ugonjwa wa miti au moto, kisha usome upya: aya inaendelea kusimama, kwa sababu kimbunga kilikuwa chanzo tu cha jambo linalosimuliwa. Ondoa habari za Pemba, na aya inabaki kiwiliwili. Jibu ni la tatu, ambalo halina kimbunga, halina Unguja, halina karafuu wala Pemba.

Kichwa cha pili kinakosea kwa namna nyingine, na hii ndiyo inayowanasa wasomaji wazuri. Tazama neno lake la kwanza. "Sababu" linadai aya inayoeleza kwa nini jambo limetokea, na kwa wingi. Aya yetu inaitaja bei kama kitu kilichowasukuma watu kupanda, halafu inapita. Hali ni hiyo kwa "mbinu" katika kichwa cha nne: kupanda upya kumetajwa, lakini hakuna anayeelezwa shimo lilichimbwa vipi au miche ilitolewa wapi. Maneno kama sababu, mbinu, athari, historia, lawama na matumaini ndiyo yanayoamua kichwa, lakini macho huyaruka na kukimbilia majina ya vitu, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoonekana pia katika aya.

Kwa nini watunzi wafanye hivi? Fikiria mtu asiyejua Kiswahili hata kidogo anapewa aya ile. Anaweza kulinganisha umbo la neno "mikarafuu" katika kichwa na umbo lake katika aya, akaviunganisha. Kama vichwa sahihi vingerudia maneno ya aya na vipotoshi visingerudia, mtu huyo angepata alama zote bila kusoma kitu. Mtihani ungekuwa umepima macho. Kwa hiyo mtunzi hufanya mambo mawili pamoja: husema wazo kuu kwa maneno mengine, kisha huchukua maneno ya mambo madogo ndani ya aya na kuyatungia vichwa visivyo sahihi. Mbinu ya kulinganisha maneno inageuka kuwa hasara kwa anayeitegemea.

Lakini mtunzi naye ana mipaka. Kipotoshi lazima kivutie na wakati huohuo kiwe na kosa linaloweza kuonyeshwa kwa kidole katika matini. Ndiyo maana maswali ya mitihani mikubwa ya namna hii hujaribiwa kwanza kwa watahiniwa kabla ya kutumika. Majibu hupangwa kwa kuangalia nani alichagua nini. Kipotoshi kisichochaguliwa na mtu hakina kazi. Kinachochaguliwa na waliofanya vibaya katika mtihani wote na kuachwa na waliofanya vizuri ni kizuri. Kikianza kuwavuta waliofanya vizuri, kosa liko kwa mtunzi: huenda aya ina vichwa viwili sahihi.

Tabia ya kuwinda maneno haikuzuka bure. Katika mtihani huohuo kuna maswali yanayotaka jina, mwaka au kiasi, na hapo kupekua matini kutafuta neno ni njia ya haki. Ninachokipinga ni mafunzo yanayoihamishia mbinu hiyo kwenye vichwa vya aya, pamoja na ile kanuni ya kusoma sentensi ya kwanza na ya mwisho tu. Katika aya yetu, sentensi ya kwanza inakupeleka moja kwa moja kwenye kipotoshi. Uzito unageuka katikati, kwenye sentensi fupi kuliko zote: "Pemba haikuumizwa sana."

Wapo pia wanaojifunza kanuni ya kinyume, kwamba kila kichwa kinachorudia neno la aya ni kibaya. Nayo haifai. Aya inayozungumzia kimbunga mwanzo hadi mwisho inaweza kabisa kupewa kichwa chenye neno kimbunga. Kurudiwa kwa neno hakuthibitishi wala hakukanushi.

Njia ninayoiamini ni kuisoma aya huku orodha ya vichwa umeifunika, kisha kuandika pembeni maneno machache ya kwako kuhusu inachosema. Kwa aya hii ungeandika kitu kama "Pemba yaipita Unguja." Ndipo ufunue orodha na kutafuta kichwa kinachokaribia maana hiyo. Vikibaki viwili, vigeuze: jiulize kila kimoja kingedai aya ya namna gani, na ni ipi kati ya hizo uliyo nayo mkononi.

Anza na aya fupi au iliyo wazi, usilazimike kufuata A, B, C. Kila kichwa hutumika mara moja, kwa hiyo kosa moja huzaa jingine: ukiipa aya B kichwa cha aya E, utakapofika E utakuta chake hakipo na utaiokotea kipotoshi. Aya ya mwisho ikikataa vichwa vyote vilivyobaki, usiihangaishe hiyo. Rudi kwenye zile ulizozijibu kwa mashaka, uangalie kichwa kipi kimekaa mahali pasipo pake.