Simu ya Waifai Ikigoma, Chunguza Milango Miwili

Simu ya kawaida inatoka vizuri, hata WhatsApp inaongea, lakini huduma ya kupiga kupitia waifai imekataa kabisa. Wengi hukimbilia kulaumu laini. Mara nyingi kosa liko kwenye ruta.

Sauti ya simu ya waifai haipiti wazi kwenye intaneti. Kwanza simu yako huchimba handaki lililofungwa kwa siri hadi kwenye lango la kampuni ya simu, na laini yako ndiyo inayothibitisha wewe ni nani. Mazungumzo ya kuanzisha handaki hupita kwa UDP, mlango namba 500. Simu ikigundua kwamba iko nyuma ya ruta, kama ilivyo karibu kila nyumba, huhamia mlango 4500, na sauti yenyewe hupita humo. Ndiyo maana ruta iliyofungua 500 na kusahau 4500 inasumbua: kila kitu huonekana kuanza, kisha hukwama. WhatsApp ikizibiwa UDP huweza kupita njia ileile ya kurasa za wavuti, kwa hiyo kufanya kazi kwake si ushahidi wa lolote.

Tuseme uko Marekani, ofisi iko chini ya ardhi, na laini ni ya T-Mobile. Weka simu katika hali ya ndege, kisha washa waifai peke yake, ili minara isikudanganye. Ikigoma, unga simu hiyo kwenye intaneti inayorushwa na simu ya mwenzako. Ikikubali huko, laini na simu ni nzima. Mshitakiwa ni mtandao wa ofisi. Sasa, kwa kompyuta iliyo kwenye mtandao huo wa ofisi, uliza lango liko wapi:

```
nslookup epdg.epc.mnc260.mcc310.pub.3gppnetwork.org
```

Kampuni nyingine nyingi hubadilisha namba hizo mbili tu, ya nchi na ya mtandao. Usipopewa anwani yoyote, simu haijui hata pa kwenda, na tatizo ni huduma ya majina iliyowekwa kwenye ruta. Ukipewa anwani, geukia ukuta wa moto: ruhusu UDP 500 na 4500 kwenda nje. Huhitaji kufungua chochote cha kuingia ndani, ingawa mafundi wengi hulazimisha hivyo. Kuzima `SIP ALG`, ushauri unaosambaa sana, hapa hakusaidii, kwa kuwa ruta haiwezi kusoma kilichomo handakini.

Huenda simu ikajisajili vizuri lakini baada ya muda wa kutulia haipokei. Hapo ruta inasahau njia ya UDP haraka mno. Tafuta mpangilio wa `UDP timeout`, uuongeze hadi dakika kadhaa. Ikiwa mtandao ni wa hoteli au wa mwajiri, mpangilio huo hauko mikononi mwako. Muombe msimamizi afungue milango hiyo miwili, kwa namba zake.