Kiholanzi na vitenzi vya mwisho

Ukisema “Kesho nitanunua kitabu”, kisha ukatanguliza “kwa sababu”, maneno yako yote yanabaki palepale yalipokuwa. Kwa Kiholanzi yanahama, na anayehama zaidi ni kitenzi.

Chukua sentensi hii: Ik koop morgen een boek. Neno kwa neno ni “mimi nanunua kesho kitabu”. Katika sentensi kuu kama hii, kitenzi kinachobeba nafsi na wakati hushika nafasi ya pili. Ukianza na kesho, kitenzi hakibanduki, bali kiima ndicho kinachosogea nyuma yake: Morgen koop ik een boek. Nafasi si neno moja. “Kesho asubuhi baada ya chai” yote ni nafasi moja. Mgeni akisema Morgen ik koop, anaeleweka vizuri, lakini ugeni wake umeshajulikana.

Sasa tanguliza omdat, yaani “kwa sababu”: omdat ik morgen een boek koop. Kitenzi kimekwenda mwisho. Wanaisimu wengi, tangu Jan Koster alipoandika mwaka 1975, wanashikilia kwamba huko mwisho ndiko kwao hasa, na kwenye sentensi kuu kinapanda tu mbele. Angalia kitenzi opbellen, kupiga simu. “Nampigia mama simu” ni Ik bel mijn moeder op: bel kimepanda, op kimeachwa mkiani. Kwenye kishazi tegemezi vipande vinakutana tena: omdat ik mijn moeder opbel.

Vitenzi vikiwa vingi, vinasongamana huko mwisho. Ukitaka kusema “kwamba nilimwona Asha akimsaidia kaka yake kupaka nyumba rangi”, utasema: dat ik Asha haar broer het huis zag helpen verven. Kwanza wanatajwa watu na nyumba, mimi, Asha, kaka yake, ndipo vitenzi vinafuata kwa foleni ileile: zag ni “niliona”, helpen ni kusaidia, verven ni kupaka rangi. Kitenzi cha kwanza ni cha mtu wa kwanza, cha pili ni cha wa pili, cha tatu ni cha wa tatu. Msikilizaji hana budi kuwaweka wote kichwani mpaka vitenzi vifike.

Wajerumani nao huvilundika mwisho, ila kwa kawaida wao huvigeuza: kupaka, kusaidia, niliona. Mwaka 1986 Emmon Bach, Colin Brown na William Marslen-Wilson walilinganisha wasemaji wa lugha hizo mbili. Vitenzi vikiwa viwili, hawakuona tofauti. Vilipozidi hapo, Waholanzi walielewa sentensi zao kwa urahisi kuliko Wajerumani zao.