Mtoto anaugua koo kila mara? Kabla ya tonsili kutolewa, daktari atataka hesabu

Ukiishi Kitale au Bungoma mjini na una ndugu kule Kachibora, simu ya aina hii huenda umeipokea. Dadako anapiga jioni. Mtoto anaumwa na koo tena, hawezi kumeza hata uji, na majirani wameshasema dawa ni moja tu: tonsili zitolewe. Anaomba utume kitu kidogo cha kuanzia. Wewe unampenda huyo mtoto, kwa hivyo swali lako la kwanza ni, "Ni pesa ngapi?"

Kuna swali linalofaa kutangulia hilo: "Ameugua mara ngapi, na imeandikwa wapi?" Ndilo swali daktari wa masikio, pua na koo atakalouliza mkifika kwake. Jibu lake ndilo litakaloamua kama mtoto ataingia chumba cha upasuaji au atarudi nyumbani.

Tonsili ni vile vinyama viwili vilivyo pande mbili za koo, kulia na kushoto. Kazi yake ni kukutana na vijidudu vinavyoingia kwa mdomo na pua na kuufunza mwili kupigana navyo. Wakati mwingine zenyewe hushikwa, zinavimba na kutoa usaha, na hapo ndipo tunasema mtoto ana mafindofindo. Watoto wengi hupitia hali hii na kuiacha nyuma wakikua. Ndiyo maana daktari haangalii tu jinsi koo lilivyo leo. Anataka kujua limekuwaje kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu iliyopita.

Kipimo kinachotumiwa na madaktari sehemu nyingi duniani ni rahisi kukumbuka. Upasuaji unaanza kufikiriwa mtoto akiwa ameugua mara 7 au zaidi ndani ya mwaka mmoja. Au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo. Au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3 mfululizo. Akiwa chini ya hapo, ushauri wa kawaida ni kungoja na kumfuatilia.

Lakini si kila koo linalowasha huhesabiwa, na hapa ndipo familia nyingi hushangaa. Ili tukio moja liingie kwenye hesabu, mtoto lazima awe na maumivu ya koo pamoja na angalau dalili moja kati ya hizi nne: joto la mwili lililopita nyuzi 38.3, tezi za shingoni zilizovimba au zinazouma zikiguswa, usaha au madoa meupe juu ya tonsili, au kipimo cha koo kilichoonyesha bakteria aina ya streptokoka. Na dalili hizo ziwe zimeonwa na mhudumu wa afya na kuandikwa siku hiyo hiyo.

Tuchukue mfano. Tuseme mtoto ana miaka 6, na mamake anasema ameugua koo mara 8 mwaka huu. Daktari anafungua kile kitabu cha hospitali, ile daftari ndogo unayokwenda nayo kila ukitibiwa. Anapata kurasa nne.

Januari: joto 39, tonsili zina usaha, tezi za shingo zimevimba. Hiyo inahesabiwa. Machi: kikohozi, pua inatiririka, joto 37.2, koo jekundu kidogo. Hiyo ni homa ya mafua, kazi ya virusi, haihesabiwi. Juni: koo linauma, joto 38.8, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Inahesabiwa. Agosti: joto 39.5, malaria imepatikana, na koo halikutajwa kabisa. Haihesabiwi.

Je, zile mara nne nyingine? Mama alipitia duka la dawa, akaeleza shida, akauziwa dawa na kurudi nyumbani. Hakuna aliyepima joto wala kuangalia koo kwa tochi, na hakuna kilichoandikwa. Kwa hivyo kutoka mara 8 alizosema mama, daktari anabaki na 2.

Hapo wengi hukasirika, wakidhani daktari anamwita mama mwongo. Sivyo. Ukiwa umekesha na mtoto anayelia, kila usiku mbaya unakumbuka kama ugonjwa ule ule. Mwaka 1978, watafiti wa Pittsburgh nchini Marekani walichapisha walichoona kwa watoto 65. Kwa maelezo ya wazazi, watoto hao walikuwa wameugua koo mara za kutosha kupasuliwa, ila hapakuwa na maandishi kamili. Badala ya kuwapasua, watafiti waliwafuatilia kwa karibu, wakiwaangalia kila walipougua. Watoto 11 pekee ndio walioendelea kuugua kwa kiwango kilichoelezwa. Wengi wa waliobaki waliugua mara mbili au chini ya hapo katika mwaka wa kwanza.

Fikiria maana yake. Kama wote 65 wangepasuliwa, 54 kati yao wangepitia maumivu na hatari bila sababu ya kutosha. Na baadaye wazazi wangeapa kwamba upasuaji ndio uliowaponya!

Kwa hivyo daktari akisema "tungoje," hajawafukuza. Kungoja kuna kazi yake. Kila mtoto akishikwa na koo, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni Kachibora pale pale, na muombe mhudumu aandike vitu vichache: tarehe, joto, hali ya tonsili, tezi za shingo, kama kuna kikohozi au mafua, dawa aliyopewa, na siku alizokosa shule. Wewe uliye mjini unaweza kusaidia hapa bila gharama kubwa. Nunua kipimajoto umtumie dadako. Mwambie apige picha kila ukurasa wa kile kitabu akutumie kwa WhatsApp, maana daftari hizi hupotea, hulowa mvua, na wakati mwingine mtoto huzichora.

Jambo lingine ni dawa. Mtoto akiandikiwa amoksilini ya siku 10 kwa sababu ya bakteria, ameze siku zote 10. Wengi huacha siku ya tatu, homa ikishuka na mtoto akianza kucheza. Streptokoka asiyemalizwa vizuri anaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo. Hilo ni tatizo ambalo bado linawapata watoto wa Afrika Mashariki.

Sasa, kuna watoto ambao daktari hatangoja hesabu ifike 7. Mmoja ni yule ambaye zaidi ya mara moja amepata jipu kando ya tonsili, lile linalomfanya ashindwe kufungua mdomo na sauti ibadilike. Mwingine ni yule ambaye mwili wake unakataa aina kadhaa za antibayotiki, hivyo kila ugonjwa unakuwa mgumu kutibu. Wa tatu yuko kwenye njia tofauti kabisa: tonsili zake ni kubwa hadi zinaziba hewa usiku. Huyu hukoroma kila siku, pumzi inakatika kidogo kisha anashtuka, anaweza kuanza tena kukojoa kitandani, na shuleni anasinzia au hatulii. Ukimwona mtoto wa hivyo, mrekodi video fupi akiwa amelala uipeleke kliniki. Kwake swali ni kupumua, hata kama koo halijamuuma hata siku moja.

Na hesabu ikitimia, mambo bado hayajaisha. Kufika mara 7 kunamaanisha upasuaji unaweza kusaidia. Hakumaanishi kwamba ni lazima ufanywe. Watafiti wale wale wa Pittsburgh walichapisha utafiti mwingine mwaka 1984, safari hii kwa watoto waliofikisha hesabu kweli. Waliopasuliwa waliugua koo mara chache zaidi katika miaka miwili ya kwanza. Kufika mwaka wa tatu tofauti ilikuwa imepungua, kwa sababu hata wengi wa wasiopasuliwa walikuwa wakipata nafuu wenyewe. Kwa ufupi, familia inanunua miaka miwili hivi ya nafuu. Kwa mtoto anayekosa shule kila mwezi, hiyo ni faida kubwa. Kwa anayeugua kidogo na kupona haraka, huenda haifai.

Kabla ya upasuaji, waambieni madaktari kama kuna mtu kwenye familia anayetokwa na damu kupita kiasi akiumia au aking'olewa jino. Waambieni pia kama kuna selimundu, kwa sababu ugonjwa huo wa damu uko sana upande wetu wa magharibi na hubadilisha jinsi mtoto anavyoandaliwa kwa dawa ya usingizi.

Tusichanganye pia mambo mawili. Wapo wazee wanaokata kile kinyama kinachoning'inia katikati ya koo, kidakatonge, wakisema ndicho kinacholeta kikohozi na homa. Hicho si tonsili, na kukikata hakuondoi mafindofindo. Kinacholeta ni hatari ya kuvuja damu na pepopunda kutokana na kisu kisicho safi.

Hatari kubwa ya upasuaji wenyewe ni damu pia. Inaweza kutoka saa 24 za kwanza, mtoto akiwa bado karibu na hospitali. Lakini inaweza pia kutoka kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati ukoko mweupe kooni unapobanduka, na hapo mtoto huwa ameshafika nyumbani. Dalili ya kwanza mara nyingi si damu yenyewe. Utaona mtoto aliyelala anameza mate tena na tena. Akitema damu mbichi au akitapika kitu cheusi kama majani ya chai, ni hospitali mara moja, hata iwe saa nane usiku. Asipewe aspirini, na dawa yenye kodeini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 12. Maji na vinywaji baridi apewe kila mara, hata akikataa, kwa sababu koo kavu huuma zaidi.

Ndiyo maana, kama kuna pesa ya kuchanga, sehemu yake moja ihusu siku hizo kumi. Kama upasuaji ni Kitale au Eldoret, mtoto na mamake wapate pa kulala karibu hadi ukoko utoke, au angalau pawe na gari lililokubaliwa mapema ambalo dereva wake atashika simu usiku. Kutoka Kachibora usiku wa manane, mvua ikinyesha, kutafuta bodaboda huku mtoto anatema damu si jambo la kupanga wakati huo.