"Kiti" Lisisomeke "Kete": Miaka 10 ya Mwalimu Katika Barua Moja

Barua za kuomba ufadhili zinapita mikononi mwangu kila mwaka, kwani mimi ni mjumbe wa kamati ndogo ya elimu ya parokia yetu hapa Dodoma. Karibu zote zinafanana mwanzo: anuani juu kulia, kisha "Yah: Ombi la ufadhili wa masomo", kisha "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu." Hakuna ubaya, ndivyo tulivyofundishwa. Lakini sisi wajumbe macho yetu hukimbilia aya moja tu, ile inayojibu swali letu: baada ya miaka 10 unatarajia kuwa wapi katika kazi yako?

Mwaka jana tulipata barua ya mwalimu wa kike mwenye umri wa miaka 26. Ana cheti cha ualimu, anafundisha darasa la pili katika shule ya msingi yenye watoto wanne wasioona. Aya yake ya miaka 10 ilisema: "Natarajia kuwa nimefika mbali kielimu, ikiwezekana niwe afisa elimu wa wilaya, ili niweze kuisaidia jamii yangu." Aliomba ada ya stashahada ya elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru, Arusha.

Ombi na ndoto havikukaa chungu kimoja. Patandi huandaa walimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Mtu anayekwenda kusomea kazi hiyo ili baadaye akae ofisini anaomba fedha za safari moja huku moyo uko kwenye safari nyingine. Hatukumkatalia. Tuliona ni haki kumsikiliza, nami nikatumwa nikaone darasa lake.

Siku hiyo alikuwa anafundisha nukta nundu, maandishi ya wasioona. Kila herufi hukaa ndani ya kijumba chenye nafasi sita za nukta, safu mbili zenye nukta tatu tatu. Shule haikuwa na mashine ya kuandikia, hivyo alitumia kibao chenye vijumba na kalamu fupi yenye ncha ya chuma. Karatasi hubanwa kwenye kibao, kisha unatoboa nukta moja moja kutoka kulia kwenda kushoto. Ukimaliza unaigeuza karatasi. Nukta zimechomoza upande wa pili, na kidole kinasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Maana yake ni kwamba mwandishi hutoboa kila herufi ikiwa imegeuzwa, kama inavyoonekana kwenye kioo.

Alitoboa neno, akampa mtoto wa kike aliyekaa mbele. Kidole cha shahada kikapita polepole, kikarudi, kikapita tena. "Kete," akasema mtoto. Mwalimu akamsahihisha: "Hapana mwanangu, soma vizuri. Ni kiti." Mtoto akagusa tena, akanyamaza.

Mtoto ndiye aliyekuwa sahihi. Herufi e ina nukta mbili: ya juu kushoto na ya kati kulia. Herufi i nayo ina mbili: ya kati kushoto na ya juu kulia. Moja ni kioo cha mwenzake. Mwalimu alikuwa amejifundisha mwenyewe kwa kutazama chati ya ukutani, na chati inaonyesha herufi jinsi zinavyosomwa. Alipotoboa i kama alivyoiona, karatasi ilipogeuzwa ikawa e. Herufi k na t alikuwa amekwisha kuzizoea kwa mkono, ila hizi mbili zilikuwa bado zinamchanganya. Tulipokaa baada ya kipindi tukaipitia karatasi pamoja, aliinama. "Mzee, kwa hiyo nimekuwa namkosoa mtoto ambaye hajakosea," akasema. "Na sijui ni mara ngapi."

Nilimwambia hayo ndiyo ya kuandika. Baada ya wiki mbili barua ya pili ilifika, na aya ya miaka 10 ilikuwa hivi:

"Mwaka wa 1 na wa 2 nitakuwa Patandi, nisomee kufundisha wasioona, nijue nukta nundu kwa mkono na kwa mashine. Mwaka wa 3 hadi wa 5 nitakuwa darasani, na lengo langu ni kila mtoto asiyeona ninayemwanzisha asome sentensi fupi peke yake kabla hajaingia darasa la tatu. Mwaka wa 6 nitaanza shahada ya elimu katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa sababu husomesha kwa masafa na sitalazimika kuwaacha watoto tena. Mwaka wa 10 natarajia kuwa bado nafundisha, na siku moja kila wiki nizungukie shule za jirani kuwafundisha walimu wenzangu kuandika bila kugeuza herufi. Sihitaji cheo kufanya hivyo, nahitaji ujuzi na ruhusa."

Aya hii ilibadilisha mawazo ya kamati nzima, kwa sababu kila mwaka una kazi ambayo mtu anaweza kwenda kuikagua. Mfadhili akifika mwaka wa 4 hahitaji kuuliza kama mwalimu "amefika mbali". Atampa mtoto karatasi, atasikiliza.

Kilichotupendeza zaidi ni kwamba hakuficha yanayoweza kuharibu mpango. Mwalimu wa serikali hawezi kufunga mizigo akaenda chuo. Anaandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, aliye mwajiri wake, ikipitia kwa mwalimu mkuu, na anasubiri ruhusa ya masomo. Akiondoka bila ruhusa anahesabika mtoro kazini, na ufadhili wote unaweza kupotea pamoja na ajira. Kwa hiyo aliomba tusilipe chochote mpaka ruhusa na barua ya kupokelewa chuoni vipatikane, kisha ada tuilipe chuoni moja kwa moja. Aliomba ya miaka miwili tu. Shahada, alisema, atailipia mwenyewe kutokana na mshahara.

Hatari ya pili ni uhamisho. Mwalimu anaweza kurudi na ujuzi wake akapangiwa shule isiyo na mtoto asiyeona hata mmoja. Yeye aliambatanisha barua ya mwalimu mkuu inayoomba arejeshwe pale pale, kisha akaongeza: "Nikihamishwa, nitawatafuta watoto wasioona wa kata hiyo ambao hawajaandikishwa shule, nianze nao."

Nashauri jambo moja kwa wanaoandika barua za namna hii. Yeye hakutaja jina la mtoto yeyote, wala hakuambatanisha picha. Wengi hutuma picha za watoto wenye ulemavu wakidhani huruma ndiyo hufungua mfuko. Mtoto hajaomba ufadhili na hajakubali uso wake uzunguke. Hadithi ya kete na kiti ilitutosha bila kumjua aliyesoma.

Barua iliishia kwa maneno tuliyoyazoea, "Wako katika ujenzi wa taifa", na sahihi. Juu yake palikuwa na sentensi moja niliyoinakili kwenye daftari langu: "Baada ya miaka 10, mwalimu wa shule ya jirani akiandika kiti, nataka mtoto asome kiti; na mtoto akisoma kete, nataka mwalimu aangalie kwanza mkono wake mwenyewe."

Tulipitisha ombi siku hiyo hiyo. Sasa tunasubiri ruhusa ya mkurugenzi.